Barua mbili za mapunye: kilichokosekana katika ya kwanza

Jumatatu moja ya mwezi Machi nilikuwa nasahihisha madaftari ya Darasa la Pili, watoto wamepanga mstari mbele ya meza yangu. Mvulana mmoja wa miaka minane aliinama kuokota penseli, na kisogo chake kikawa usawa wa macho yangu. Palikuwa na baka la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Ngozi yake ilikuwa na unga wa kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu akasahau kujifuta, na nywele zilikuwa zimekatika chini kabisa, vimebaki vidoa vyeusi vidogo kama alama za ncha ya kalamu. Nilimuuliza kama panawasha. Akasema hapana, akaenda kukaa.

Kabla ya saa nne nilikuwa nimewaona wengine wawili, wote wa dawati lile lile. Dawati letu hukaliwa na watoto watatu, na wakiandika vichwa hukutana.

Haya ndiyo mapunye. Wengine huyaita mashilingi kwa sababu ya umbo lake la sarafu, na yakitoka mwilini badala ya kichwani wazee wa huku pwani huyaita choa. Majina ni mengi ila chanzo ni kimoja, fangasi wanaokula ile protini ngumu inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Hakuna mdudu wala mnyoo anayetembea ndani ya ngozi, ingawa nimekutana na zaidi ya mzazi mmoja aliyempa mtoto dawa ya minyoo akitegemea mapunye yataondoka nayo.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu watakaotakiwa kuandika barua kama ile niliyoiandika mimi. Niliiandika mara mbili. Ya kwanza iliharibu mambo, na nataka nioneshe iliharibu vipi, sentensi kwa sentensi.

Barua ya kwanza ilikuwa fupi. Nilitafuta mfano mtandaoni, nikapata mmoja ulioandikwa kwa ajili ya wazazi wa Ulaya, nikautia Kiswahili. Baada ya salamu ilisema hivi:

"Kumejitokeza ugonjwa wa ngozi unaoambukiza katika darasa la mtoto wako. Tafadhali mkague mtoto kama ana duara jekundu kwenye ngozi au sehemu iliyonyonyoka nywele. Unashauriwa kumnyoa nywele mapema. Mtoto mwenye dalili asije shuleni mpaka apone kabisa. Jaza kipande cha chini na ukirudishe kesho."

Darasa lina watoto 54. Vipande 41 vilirudi, na 38 kati yake viliandikwa "Hana". Nilifurahi. Nilidhani tumeudaka ugonjwa mapema, umeishia kwenye dawati moja.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimwomba muuguzi wa zahanati ya kata aje kuwaona watoto. Tuliwaita mmoja mmoja katika chumba cha stoo ya vitabu, mlango umerudishwa, wasichana wakivua ushungi bila kutazamwa na wenzao. Siku hiyo walikuwapo watoto 51, na watatu wa mwanzo nao walikuja kwa sababu mwalimu mkuu aliwaita. Muuguzi alipata watoto kumi, wanane wakiwa na mapunye ya kichwani na wawili choa ya mwilini peke yake. Yaani zaidi ya wale watatu niliowaona mwenyewe, kulikuwa na saba wapya. Sita kati ya hao saba walikuwa wamenirudishia kipande kilichoandikwa "Hana", na sahihi ya mzazi ipo chini.

Wazazi hawa hawakudanganya. Niliongea na mama mmoja jioni ile, akaniambia kwa uchungu, "Mwalimu, mimi nilimwangalia mwanangu toka kichwani mpaka miguuni. Sikuona chekundu hata kimoja." Na ni kweli, hakikuwapo. Kwenye ngozi nyeupe uvimbe wa fangasi huonekana mwekundu, ndiyo maana barua za Ulaya husema "duara jekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu ule umefunikwa na rangi. Kinachoonekana ni ukingo mweusi zaidi ya ngozi inayouzunguka, au wa kahawia, au wa kijivu kwa sababu ya magamba. Kichwani mara nyingi hakuna hata duara. Nilikuwa nimewatuma wazazi 54 kutafuta kitu ambacho ngozi ya watoto wao haikioneshi.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa kwenye maneno "mkague mtoto", bila kusema wapi na kwa namna gani. Shule yetu inaruhusu wasichana kusuka mradi iwe mistari ya kawaida, na wengi huja na twende kilioni iliyokaa wiki mbili au tatu. Ukimtazama mtoto aliyesukwa unaona ngozi ya njia zilizo kati ya misuko tu, na sehemu kubwa ya ngozi imelala chini ya nywele. Juu ya misuko kuna ushungi. Kati ya wasichana wanne waliokutwa na mapunye, watatu walikuwa wamesukwa siku mama zao walipowakagua. Muuguzi alipofumua msuko mmoja nyuma ya sikio la binti mmoja, nywele zilibaki mkononi mwake na mizizi yake, bila mtoto kusikia maumivu. Pale chini palikuwa na baka refu lililofuata mstari wa msuko, kwa hiyo hata aliyekuwa akitafuta duara asingelipata.

La tatu ni lile la kunyoa. Nilidhani ni ushauri wa busara. Mtaani kwetu kuna kinyozi mmoja karibu na shule, na Jumapili ile baada ya barua wavulana walijaa barazani kwake kama siku ya kuamkia Idi. Mashine ni moja, kitana ni kimoja, na baina ya kichwa na kichwa hupitishwa brashi kuondoa nywele na kazi inaendelea. Vipande vya nywele zenye ugonjwa ndivyo vinavyobeba mbegu za fangasi, na mbegu hizo huweza kukaa hai kwenye kitana, kofia au meno ya mashine kwa miezi. Siwezi kuthibitisha ni nani alimwambukiza nani. Ila wavulana wawili waliokuwa safi siku ya muuguzi walianza kutoka mabaka siku kumi na kitu baada ya Jumapili ile, na hao hawakukaa dawati moja na mgonjwa yeyote. Mapunye ya kichwani huchukua kama wiki mbili hivi tangu mbegu zitue mpaka baka lionekane. Hesabu ile inaniuma mpaka leo.

Kunyoa hakuponyi. Fangasi wa kichwani wako ndani ya unywele wenyewe, chini ya usawa wa ngozi, mahali ambapo wembe haufiki. Ukinyoa umepunguza tu nywele zenye mbegu zilizoko juu, na hilo lina faida kidogo likifanywa kwa wembe wa mtoto mwenyewe au mashine iliyosafishwa. Kumtuma mtoto kwa kinyozi wa watu wote bila kusema neno kuhusu mashine ni kueneza ugonjwa.

Kosa la nne ndilo lililowaumiza watoto zaidi, nalo ni "asije shuleni mpaka apone kabisa". Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa wiki nyingi, mara nyingi sita mpaka nane. Hakuna mzazi atakayekubali mtoto akae nyumbani miezi miwili kwa baka lisilomuuma, na hastahili kulazimishwa. Basi wazazi wakafanya walichoweza. Baadhi walificha kwa kofia na ushungi. Bibi mmoja alisugua kichwa cha mjukuu wake kwa kitunguu saumu kilichopondwa, akakifunga na kitambaa usiku kucha ili Jumatatu awe amepona. Mtoto alikuja na malengelenge. Kitunguu saumu kibichi kikikaa juu ya ngozi saa nyingi huunguza kama moto, na ngozi ya mtoto ni laini. Mzazi mwingine alitumia mafuta ya taa. Ukitishia kumnyima mtoto darasa, unampa mzazi sababu ya kukimbilia chochote kinachoahidi haraka.

Na hata kitabibu amri ile haikuwa na msingi. Mpaka mwalimu anaona baka, mtoto amekwisha kaa na wenzake wiki kadhaa akiwa na mbegu. Kumtoa siku ile hakufuti yaliyopita. Mtoto aliyeanza dawa ya kumeza na anayeoshwa kichwa kwa shampuu ya kuua fangasi hupunguza haraka mbegu anazomwaga, kwa hiyo anaweza kuendelea na masomo. Kinachotakiwa ni aanze dawa, na asibadilishane kofia, ushungi, kitana wala taulo.

Jioni ya siku ile ya muuguzi tulikaa naye ofisini, tukaiandika barua upya. Nilimsomea kila mstari, naye akawa ananiuliza swali moja tu: "Mama akisoma hapa, mkono wake utafanya nini?" Kama sikuwa na jibu, mstari uliondoka. Barua yenyewe hii hapa, nimeondoa jina la shule na tarehe:

"Ndugu Mzazi/Mlezi wa mwanafunzi wa Darasa la Pili,

YAH: MAPUNYE KATIKA DARASA LA MTOTO WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Muuguzi wa zahanati amekuta mapunye na choa kwa baadhi ya watoto wa darasa hili. Ni fangasi wa ngozi, ugonjwa wa kawaida kwa watoto wa umri huu. Hautokani na uchafu wa nyumbani kwako, na unatibika. Hatutataja jina la mtoto yeyote, na tunaomba nawe usiulize wala usitaje.

Barua ya wiki iliyopita ilikuwa na makosa. Tafadhali usiifuate. Mtoto haondolewi shule, na usimpeleke kunyolewa kwa sababu ya barua ile.

Leo au kesho, mtoe mtoto nje kwenye mwanga wa jua. Kama amesukwa, fumua nywele kwanza. Kaa juu ya kigoda, mtoto akae chini mbele yako, uzigawe nywele kwa chanuo lake mwenyewe sehemu baada ya sehemu, kuanzia kisogoni hadi utosini, na nyuma ya masikio yote mawili. Angalia:

1. Mahali ambapo nywele zimekatika fupi kuliko za jirani, au pamebaki vidoa vyeusi kwenye ngozi.

2. Unga au magamba ya kijivu yaliyokaa mahali pamoja. Watu wazima hupata mba, lakini kwa mtoto wa miaka saba au minane mba ni nadra. Ukiona magamba, yahesabu kuwa ni mapunye mpaka zahanati iseme vinginevyo.

3. Vinundu chini ya ngozi. Pitisha vidole polepole nyuma ya shingo, pale nywele zinapoishia, na nyuma ya masikio. Tezi zilizovimba, ambazo wengine huziita mitoki, huwa kama punje za mahindi au harage.

4. Uvimbe laini kama jipu kichwani, unaobonyea, wenye usaha au magamba mazito. Usiubinye wala kuupasua. Mtoto aende zahanati siku hiyo hiyo.

5. Mwilini, vua nguo zote uangalie uso, shingo, mikono, kiuno na makalio. Tafuta baka lenye ukingo ulioinuka kidogo, wenye vipele au magamba, weusi zaidi au kahawia, na katikati pamekuwa kama panapona. Si lazima liwe jekundu. Laweza kuwasha au lisiwashe.

Ukimaliza, waangalie pia wote wanaolala naye kitanda kimoja, na paka kama yupo. Paka mwenye sehemu zilizonyonyoka manyoya huambukiza watoto.

Ukiona dalili hata moja, usipake kitu chochote. Njoo na mtoto zahanati Jumanne au Ijumaa asubuhi, muuguzi anawasubiri. Usinunue krimu ya mchanganyiko dukani.

Kama ngozi ina baka jeupe au lililopauka, halina magamba, na ukiligusa kwa unyoya wa kuku mtoto akiwa amefumba macho hasikii, hilo si mapunye. Mlete zahanati pia bila kuchelewa.

Jaza kipande cha chini, kikunje, ukiweke ndani ya daftari la mtoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa darasa"

Kipande cha chini nacho kilibadilika. Cha kwanza kiliuliza "Ana / Hana". Hiki cha pili kiliuliza mambo matatu: umeangalia saa ngapi na mahali gani, je nywele zilifumuliwa, na umeona namba gani kati ya zile tano. Mzazi aliyeandika "saa moja usiku, ndani" nilimpigia simu siku hiyo hiyo nikamwomba arudie mchana.

Baadhi ya maneno ya barua hii yanahitaji maelezo, kwa sababu mwalimu mwenzangu atakayeyaona yanachukua nafasi anaweza kuyakata.

Mstari wa tezi ndio ninaoupenda kuliko yote. Tezi za nyuma ya shingo huchuja maji yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa, na fangasi wakiingia kichwani hizo huvimba mapema, wakati mwingine kabla mzazi hajaona baka. Peke yake uvimbe hausemi ni mapunye, kwa maana hata kidonda au chawa huweza kuuleta. Lakini magamba pamoja na tezi, au kunyonyoka nywele pamoja na tezi, kwa mtoto wa umri ule, karibu kila mara ni mapunye. Na kidole hakihitaji mwanga wala macho mazuri. Yule bibi wa kitunguu saumu, ambaye ana mtoto wa jicho, ndiye aliyegundua tezi za mjukuu wake wa pili, wa darasa la awali, kwa kumpapasa shingo wakati wa kumwogesha. Siku alipomleta alianza kwa kuniomba radhi kwa ule wa kwanza. Nilimshika mkono nikamwambia, "Shikamoo bibi, mimi ndiye wa kuomba radhi."

Mstari wa krimu ya mchanganyiko ulitokana na mmoja wa wale watoto wawili wenye choa. Mama yake alikuwa amempaka shavuni krimu ya dukani yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali. Steroidi hutuliza uvimbe na kuwasha ndani ya siku mbili, mama akaona inafanya kazi. Lakini inazima pia kinga ya ngozi pale pale, na fangasi wanasambaa kimya kimya. Akiacha kupaka, muwasho unarudi. Akipaka tena, unatulia, na kila mara baka limekuwa kubwa zaidi. Mtoto alipofika kwetu ukingo ulikuwa umefutika, hakuna tena lile umbo la mduara, ni vipele vilivyotawanyika shavu zima hadi chini ya jicho. Muuguzi alilitambua kwa sababu alimuuliza mama alete kopo. Bila kopo angeweza kabisa kudhani ni chunusi au pumu ya ngozi, akaongeza steroidi nyingine. Kwa hiyo muulize mzazi kila alichopaka, na mwombe akilete kama kilivyo.

Choa ya mwilini yenyewe ni rahisi. Krimu ya klotrimazoli peke yake, isiyo na mchanganyiko, hupakwa mara mbili kwa siku kupita ukingo wa baka kwa upana wa kidole, na huendelezwa wiki moja hadi mbili baada ya baka kutoweka. Kichwani krimu haisaidii, kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja: fangasi wamejificha ndani ya unywele. Kichwani lazima dawa ya kumeza, inayofika kwenye unywele kwa njia ya damu, na hili ndilo wazazi wengi hawalijui, wanamaliza kopo baada ya kopo la mafuta.

Watoto wetu walipewa griseofulvini. Kipimo chake huenda kwa uzito, kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 25 atapata kati ya miligramu 250 na 500, na mtabibu ndiye anayeamua ni ngapi baada ya kumpima. Kuna jambo moja la jikoni ambalo lisiposemwa dawa hupotea bure: griseofulvini hufyonzwa vizuri ikiingia tumboni pamoja na mafuta. Akimeza na chai ya rangi asubuhi, sehemu kubwa inapita tu. Tulikubaliana na wazazi imezwe baada ya chakula cha mchana au cha usiku, na huku kwetu chakula hicho aghalabu kina nazi: samaki wa kupaza, wali wa nazi, kisamvu. Familia isiyo na nazi siku hiyo ilitumia maziwa au karanga. Dawa nyingine inayotumika ni terbinafini, ambayo kwa mtoto wa kilo 20 hadi 40 huwa nusu ya kidonge cha miligramu 250 kwa siku, kwa wiki nne. Zote mbili ni nzuri, ila aina nyingine za fangasi husikia zaidi hii na nyingine ile. Zahanati yetu haikuwa na chombo cha kukwangua magamba na kuyatazama kwa hadubini, muuguzi akachagua griseofulvini na kusema kama mtoto hana nafuu wiki ya nne ataandikiwa rufaa.

Shampuu ya ketokonazoli, mara mbili kwa wiki, ilitolewa kama nyongeza kwa wenye mapunye ya kichwani na kwa ndugu wanaolala nao. Haiponyi peke yake. Kazi yake ni kuua mbegu zilizoko juu ya nywele ili mtoto asiendelee kuambukiza, na kuwafikia wale ndugu wanaobeba mbegu bila dalili yoyote. Povu liachwe kichwani dakika tano ndipo lisuuzwe.

Kwa kinyozi nilikwenda mwenyewe. Niliogopa angehisi namharibia riziki, kwa hiyo nilikwenda saa ambayo hana wateja, nikamwambia watoto wa shule wana mapunye na nahitaji msaada wake. Alinisikiliza vizuri. Sasa vitana vyake vina kopo la maji na jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, vinalala humo dakika kumi kisha vinasuuzwa. Meno ya mashine hayawekwi jiki kwa kuwa hula chuma. Anayafungua, anapiga brashi mpaka hakuna unywele hata mmoja, kisha anafuta kwa spiriti na kuacha ikauke. Brashi ndiyo hatua anayoweza kuiruka akiharakishwa, na spiriti juu ya vumbi la nywele haifiki kwenye chuma. Nilimwomba aitunze hatua hiyo kuliko zote. Mtoto akija na baka, humnyoa wa mwisho.

Barua ya pili ilirudi na vipande 52. Ndani ya wiki moja wazazi wenyewe walileta watoto wapya watano. Watatu walikuwa na ugonjwa kweli, wakiwamo wale wavulana wawili wa Jumapili ya kinyozi, na wa tatu ni yule wa darasa la awali. Wawili hawakuwa nao. Mmoja alikuwa na upara laini kama kiganja, hauna gamba wala unywele uliokatika, tezi zimetulia. Hiyo ni hali nyingine kabisa ambapo kinga ya mwili huangusha nywele, wala haiambukizi. Mwingine, msichana, nywele zake zilikuwa zimekimbia kwenye paji la uso na juu ya masikio kwa misuko iliyovutwa sana. Dawa yake ilikuwa kuzungumza na msusi. Sikuona hasara ya watoto wale wawili kuletwa. Mama wa yule msichana aliondoka na kitu cha kumsaidia binti yake.

Tulichoshindwa ni kuhakikisha kila mtoto anamaliza dawa. Nywele huanza kuota wiki ya tatu au ya nne, baka linafunikwa, na mzazi anayenunua vidonge kwa fedha yake anaona kazi imekwisha. Mvulana mmoja aliacha wiki ya tatu. Wiki ya tisa alirudi na magamba mahali pale pale, na akaanza upya mwanzo kabisa. Kwa wengine nilikuwa na orodha kwenye droo ya meza, kila Ijumaa nikiweka alama kwa mtoto aliyemeza siku zote saba, na mwisho wa wiki ya nne na ya nane muuguzi alirudi kuangalia vichwa. Nilipaswa kuandika katika barua kwamba nywele kuota si kupona, na kwamba anayesimamisha dawa ni mtabibu. Katika nakala ninayoitunza sasa mstari huo upo, chini ya dalili ya tano.

Na yupo yule mvulana wa kwanza, wa penseli. Barua ya kwanza ilimweka nyumbani, na siku ya muuguzi alionekana mara moja tu kisha mama yake, aliyekuwa bado anaamini haruhusiwi, akaenda naye shamba kwa bibi yake kabla dawa hazijapatikana. Aliporudi baada ya wiki tatu lile baka la majivu lilikuwa limeumuka kama andazi, laini, linatoa usaha kwenye matundu madogo madogo, na tezi za shingo zimesimama. Huko shamba mtu alikuwa amelipasua kwa wembe akidhani ni jipu. Ule si usaha wa jipu la kawaida. Ni mwili wenyewe umeamka kwa hasira dhidi ya fangasi, na kupasua hakutoi kitu isipokuwa kuongeza jeraha. Alipewa griseofulvini wiki nane, na dawa ya bakteria kwa sababu kidonda cha wembe kilikuwa kimeingia uchafu. Alimeza zote, mama yake alikuwa ananitumia picha ya kidonge kiganjani kila usiku bila mimi kumwomba.

Amepona. Yuko Darasa la Tatu sasa, anakaa dawati la mbele. Kisogoni ngozi imefunga kovu linalong'aa, na ndani ya duara lile, la ukubwa wa shilingi mia mbili, nywele hazitaota tena.